Sentensi Ishirini za Kiamhari Kabla ya Addis

Wiki hii naondoka Arusha kwenda Addis Ababa kwa ajili ya harusi, na nimetumwa nguo za kitamaduni kutoka soko la Shiro Meda. Wifi yangu aliwahi kuishi kule, basi jioni tumekuwa tukikaa barazani, mimi na daftari langu lenye sentensi ishirini.

Kuuliza bei ni rahisi: "sint new?" Kazi iko kwenye jibu. Kwa hiyo wifi amenikataza kutafsiri. Anataja bei, mimi nahesabu noti mezani kana kwamba ni birr, naye anaangalia mkono wangu. Mkono ukisita, hapo hapo anajua sijaelewa, hata kama nimetikisa kichwa.

Sisi Waswahili tuna urahisi wetu hapa, na mitego yetu. Hamsini ni "hamsa" na arobaini ni "arba", kwa hiyo "hulet meto hamsa", yaani mia mbili na hamsini, nimeishika haraka. Lakini saba ni "sebat", na "seba" ni sabini! Anayesikia saba atatoa pesa pungufu mno. Na ishirini ni "haya". Muuza nguo akisema "haya birr", sikio letu linasikia amekubali bei, kumbe ndiyo kwanza anaitaja. Hii tumeirudia hadi redio ikiwa imefunguliwa kwa sauti kubwa, maana sokoni hakuna ukimya.

Salamu nazo zinadai uangalifu, kwa sababu Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke. Mwanamume unamuuliza "dehna neh?", mwanamke "dehna nesh?", na mtu mzima wa heshima "dehna newot?" Wifi ananiita majina ya watu wa nyumbani, baba mkwe, shangazi, kijana wa duka, nami nachagua. Kwa baba mkwe sisiti hata kidogo. Aliyezoea shikamoo anajua nani anastahili nini.

"Woraj ale", nashuka, nimeifanyia mazoezi kwenye daladala. Nikikaribia kituo naisema kimoyomoyo, kisha namwambia konda "shusha". Addis utaihitaji kwenye zile basi ndogo za bluu na nyeupe.

Saa ndiyo imenifurahisha kweli. Wahabeshi wanahesabu kama sisi, kuanzia alfajiri: "hulet seat" asubuhi ni saa mbili yetu. Tahadhari ni kwa tikiti ya ndege tu, iliyoandikwa kwa saa za kimataifa, na kwa mwenyeji anayekujibu kwa Kiingereza. Huyo muulize anahesabu kwa saa zipi.

Sentensi ya ishirini nimeiacha makusudi kwa pale nitakapokwama: "algebanyim, indegena", sijaelewa, rudia tena. Leo usiku wifi ameahidi kuzungumza haraka kama muuza nguo mwenye wateja wengi, nami nitaitumia hiyo mpaka noti zitoke sawasawa.