Ukingo wa ndani: nilivyopima matairi ya Vitz yangu hapa Goma

Ukisimama kando ya gari na kulitazama tairi la mbele, unachokiona ni upande wa nje tu. Upande wa ndani umejificha, na kwenye Vitz yangu huo ndio uliokuwa unaisha. Kwa nje tairi lilikuwa na meno mazuri, mtu yeyote angesema bado lina mwaka mzima.

Ninaishi Himbi, biashara yangu iko Birere, na mara nyingi napanda hadi Ndosho kuchukua mzigo. Barabara kubwa zina lami, lakini ukikata kona tu unaingia kwenye mawe ya volkeno, mengine ni ya ile lava iliyoshuka mjini mwaka 2002. Gari langu lilitoka Japani, usukani uko kulia, nasi Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo mimi dereva nakaa upande wa pembeni, na tairi la mbele kulia ndilo linalokanyaga pale lami ilipomeguka na mawe makali yanapoanza.

Nilianza na upepo, kwa sababu upepo ukiwa si sawa huwezi kuamini kitu kingine unachokisoma kwenye tairi. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Changu kina maandishi ya Kijapani, ila tarakimu zinasomeka: 230 kPa mbele, 220 kPa nyuma. Gawa kwa mia upate bari: 2.3 mbele na 2.2 nyuma. Ile namba kubwa iliyochongwa ubavuni mwa tairi pamoja na neno MAX si kiasi cha kujaza. Ni mwisho wa uwezo wa tairi lenyewe, wala haijui litafungwa kwenye gari gani.

Nilinunua kipimo changu mwenyewe, kile kidogo cha mshale, kwa sababu vipimo vya makwado wa mtaani vinapishana. Kwado mmoja akikuonyesha 2.3, mwenzake hatua chache mbele anakuonyesha 2.6 kwenye tairi lilelile. Kipimo kimoja unachokitumia kila mara kinakusaidia zaidi, maana kikikosea kidogo kitakosea vilevile kila siku, na utaona tairi lipi linapoteza upepo.

Nilipima asubuhi kabla ya kuwasha gari, matairi yakiwa yamelala usiku kucha. Matatu yalikuwa karibu na kiasi chake. La mbele kulia lilisoma 1.9, yaani pungufu ya 0.4. Nilipofika kwa kwado wangu tairi lilikuwa limeshapata joto la njia na mshale ukapanda hadi 2.1. Hapo wengi wanajaza hadi 2.3 na kuondoka, na kesho yake likishapoa linarudi chini. Mimi nilimwambia aongeze ile 0.4 niliyoikosa nyumbani, hadi 2.5 likiwa na joto.

“Mama, tuweke tatu kabisa,” akasema. “Barabara zetu unazijua.”

Nilikataa, na bado nakataa. Ni kweli kwamba tairi lenye upepo mdogo linabanwa kati ya jiwe na rimu hadi ubavu unakatika ndani. Lakini kwa bari tatu kwenye gari jepesi kama Vitz, tairi linakuwa gumu, linaruka juu ya mawe, na sehemu inayogusa lami inapungua, tena katikati tu. Mvua ikinyesha ukifunga breki utaliona tatizo hilo kwa miguu yako. Kesho yake asubuhi nilipima tena: 2.3.

Lakini upepo ulikuwa unakwenda wapi? Nilichanganya maji na sabuni ya kufulia nikapaka kwenye valvu, na mapovu madogo yakaanza kuchipuka katikati yake. Kifuniko kilikuwa kimepotea na vumbi jeusi la volkeno limeingia kwenye sindano ya ndani. Kwado aliibadilisha palepale, nikanunua vifuniko vinne.

Ndipo nikaja kwenye kina cha meno. Nilizungusha usukani hadi mwisho ili tairi ligeuke nje, nikachuchumaa na tochi, nikatoa kwanza vijiwe vilivyonasa kwenye mifereji. Kama huna kipimo cha kina, njiti ya kiberiti inatosha: isimamishe ndani ya mfereji, weka ukucha pale inapolingana na uso wa tairi, kisha iweke kwenye rula. Usiisimamishe juu ya kile kinundu kidogo kilicho ndani ya mfereji. Hicho ni alama ya kikomo, kina urefu wa milimita 1.6, na ukitafuta ubavuni utaona herufi TWI au pembetatu inayokuonyesha kilipo. Uso wa tairi ukishalingana nacho, tairi limekwisha. Tairi jipya la gari dogo huwa na milimita saba au nane, na mimi kwa mvua za hapa sisubiri lifike 1.6, likikaribia tatu naanza kutafuta jingine, kwa sababu mifereji inakuwa haina tena nafasi ya kuyatoa maji.

Kila tairi nililipima sehemu tatu: ndani, katikati, nje. La mbele kulia lilitoa 1.8 ndani, 4.5 katikati, 3.8 nje. La mbele kushoto lilitoa 3.2 ndani, 4.6 katikati, 4.7 nje. Ya nyuma yalikuwa karibu 5.5 kila mahali.

Hesabu hizo zinasomeka. Tairi likiendeshwa na upepo mdogo kwa muda mrefu linaisha kingo zote mbili; upepo ukizidi linaisha katikati. La kulia lilikuwa limepungua nje kidogo, na hilo lilitokana na ile valvu. Ila kule ndani lilikuwa limeliwa mno kuliko upepo unavyoweza kula, na la kushoto nalo lilikuwa limeliwa upande huohuo wa ndani ingawa upepo wake haukuwahi kupungua. Matairi mawili ya mbele yakiisha ndani kwa pamoja, swali linahamia kwenye usukani.

Nilipitisha kiganja juu ya meno, kutoka ndani kwenda nje kisha kurudi. Njia moja ilikuwa laini, njia nyingine kila jino lilinikwaruza kama msumeno. Hiyo ni dalili ya tairi linaloburutwa kando huku linazunguka. Nikakumbuka pia kwamba kwenye lami iliyonyooka mkono wangu ulikuwa unaushika usukani ukiwa umepinda kidogo kushoto ili gari liende sawa.

Nikampelekea fundi. Aliinua mbele kwa jeki, akaweka vigingi, akashika gurudumu la kulia kwa mikono miwili, mmoja kushoto na mmoja kulia, akalitikisa. Lilicheza, na tulisikia kabisa “tok, tok”. Alipolishika juu na chini halikucheza, kwa hiyo beringi ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimelegea ni rotili ya usukani, kile kiungo chenye kichwa cha mviringo kwenye ncha ya fimbo inayolisukuma gurudumu.

“Papa fundi,” nikamwambia, “tupime kwanza kabla hujafungua.”

Tulilisogeza gari kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, usukani ukiwa umenyooka. Alichora kwa chaki alama katikati ya kila tairi la mbele, upande wa mbele, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu. Tukapima kwa futi umbali kati ya alama hizo mbili. Kisha tukalisukuma gari mbele taratibu hadi alama zilezile zikafika nyuma kwenye kimo kilekile, tukapima tena. Mbele umbali ulikuwa umezidi wa nyuma kwa milimita saba. Maana yake matairi yalikuwa yanatazama nje, kila moja likivuta upande wake, na ukingo wa ndani ndio unaobeba msuguano huo. Milimita saba inaonekana ndogo. Lakini tairi langu lina kipenyo cha karibu sentimita 59, na ukigawa kosa hilo kwa magurudumu mawili, kila tairi linaburutwa kando kama mita sita kwa kila kilomita moja ninayokwenda. Nenda na kurudi Ndosho ukizidishe mwenyewe.

Aliweka rotili mpya, akazungusha fimbo kidogo kidogo, tukisukuma na kupima kila mara, hadi tofauti ikawa milimita moja. Njia hii ya chaki na futi inakupa mwelekeo wa matairi tu. Haionyeshi kama gurudumu limelala upande kwa kupinda mkono wa chini, kwa hiyo kama tairi moja peke yake linaisha ndani na rotili ni nzima, tafuta karakana yenye mashine ya paralelizimu.

Baada ya usukani kurekebishwa ndipo nilinunua matairi mawili mapya. Ukiyafunga kabla yake, yanaanza kuliwa siku hiyohiyo. Kwado alitaka kuyaweka mbele kwa sababu injini iko huko. Nilimwomba ayaweke nyuma, na yale ya 5.5 yahamie mbele. Barabarani kwenye mvua, matairi ya mbele yakiteleza unalisikia kwenye usukani na unaachia mafuta. Ya nyuma yakiteleza kwanza gari linageuka kabla hujajua. La zamani la kushoto nimeliweka la akiba, la kulia nimelikata ili lisije likauzwa kwa mtu mwingine kama okazioni.

Kabla hatujaondoka fundi alipaka mstari mwembamba wa rangi nyeupe kuanzia kwenye nati ya rotili hadi kwenye fimbo yake. Mawe yetu yanalegeza nati, na nati ikigeuka mstari unakatika. Sasa kila ninapopima upepo nazungusha usukani, namulika mstari huo, napitisha kiganja kwenye meno na kwenye ubavu wa ndani nikitafuta jeraha la jiwe au uvimbe. Mara ya mwisho nilipopima la mbele kulia nilipata 5.2 ndani, 5.3 katikati, 5.2 nje.