Jinsi nilivyoweka swichi ya kuzima mkakati wangu: wastani wa siku 200 na VIX

Mkakati wangu kwenye soko la hisa la Marekani ni mwepesi. S&P 500, faharisi ya kampuni kubwa za Marekani, ikifunga chini siku 3 mfululizo, nanunua mfuko unaoifuata soko linapofunguliwa siku inayofuata. Nauza asubuhi ya New York baada ya faharisi kufunga juu ya wastani wake wa siku 5. Soko linapopanda kwa utulivu, mkakati huu unalipa vizuri, kwa sababu mshuko wa siku chache hurudi juu upesi. Soko likianguka kwelikweli, kila mshuko unafuatwa na mwingine, nao mkakati unaendelea kununua tu. Hapo ndipo nilipohitaji kichujio cha kusema: kwa sasa, usinunue.

Mfano ulionifanya nilishughulikie jambo hili kwa makini ni Machi 2020. Faharisi ilifunga chini tarehe 5, 6 na 9, ikaishia 2,746.56. Kwa kanuni yangu, hiyo ni ishara ya kununua tarehe 10, soko lilipofungua karibu na 2,813. Sasa fuatilia kutoka. Tarehe 13 soko lilirudi juu kwa nguvu na kufunga 2,711.02, lakini wastani wa siku 5 ulikuwa 2,712.37. Pointi moja na kidogo ilikosekana, ishara ya kuuza haikutoka, na siku ya biashara iliyofuata faharisi ikafunga 2,386.13. Ishara ya kuuza ilikuja tarehe 24, na bei ya kufungua tarehe 25 ilikuwa karibu 2,458. Hiyo ni hasara ya zaidi ya asilimia 12 kwa ununuzi mmoja, na katikati umevumilia shimo la asilimia 20.

Kichujio cha wastani wa siku 200, yaani usinunue faharisi ikiwa imefunga chini ya wastani huo, kinazuia ununuzi huo bila shida yoyote. Faharisi ilikuwa imeanza kufunga chini ya wastani huo Februari 27. Tatizo lilikuwa siku chache za katikati. Machi 2 ilifunga juu ya wastani, tarehe 3 chini, tarehe 4 juu, tarehe 5 chini. Swichi inayofuata kila mvuko ingewaka na kuzima hivyo hivyo. Kwa hiyo nilifanya kuzima kuwe rahisi na kuwasha kuwe kugumu: kufunga chini mara moja kunatosha kuzima, lakini ili iwake tena nataka siku 5 mfululizo za kufunga juu. Novemba 30, 2022 faharisi ilipanda juu ya wastani, ikakaa siku 3 za biashara, kisha Desemba 5 ikarudi chini. Kanuni ya siku 5 haikuhangaishwa na hilo.

Kwa Python, `bei` ikiwa bei za kufungia:

```python
wastani = bei.rolling(200).mean()
juu = bei > wastani
hali = pd.Series(np.nan, index=bei.index)
hali[~juu] = 0
hali[juu.rolling(5).sum() == 5] = 1
hali = hali.ffill().shift(1)
```

Hiyo `shift(1)` ya mwisho usiiache. Wastani wa leo unajulikana soko likishafungwa, ambayo kwa hapa Dar es Salaam ni saa tano usiku, au saa sita wakati Marekani ipo kwenye majira ya baridi. Kwa hiyo unachoamua ni cha kesho. Ukiisahau, majaribio yako yatatumia bei ambayo mtu halisi hakuwa nayo, na matokeo yatang'aa kuliko ukweli. Ishara ya kununua nayo lazima isogezwe siku moja vilevile.

Swali lililonichukua muda mrefu zaidi lilikuwa hili: swichi ikizima wakati tayari nimeshanunua, niuze? Rudi Februari 2020. Siku tatu za kushuka zilitimia tarehe 24, wakati faharisi bado ilikuwa juu ya wastani wa siku 200, kwa hiyo ununuzi wa tarehe 25, karibu na 3,239, ulikuwa halali. Tarehe 27 swichi ikazima. Kuuza papo hapo kungemaanisha kuuza tarehe 28 soko lilipofungua karibu na 2,917, hasara ya karibu asilimia 10. Kuiacha kanuni ya kutoka ifanye kazi yake kungekutoa Machi 3, karibu na 3,096, hasara ya asilimia 4 na ushee. Mfano mmoja hauthibitishi kitu, lakini sababu yake inaeleweka: swichi huzima mara nyingi siku ya mshuko mkali, na kwa mkakati wa kununua mishuko hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kuuza. Uamuzi wangu ni kwamba swichi inazuia manunuzi mapya tu. Kilichokwisha nunuliwa kinatoka kwa kanuni yake.

Nikabaki na VIX, faharisi inayopima msukosuko ambao wafanyabiashara wa opsheni za S&P 500 wanautarajia kwa siku 30 zijazo. Watu wengi huitumia peke yake: ikivuka 30, zima. Sikuipa mamlaka hayo, na Agosti 2024 inaonyesha kwa nini. Soko lilishuka tarehe 1, 2 na 5, na tarehe 5 VIX ilifunga 38.57. Faharisi ilifunga 5,186.33, bado juu ya wastani wake wa siku 200. Swichi ya VIX ingezuia ununuzi wa tarehe 6, na ununuzi huo ulitoka tarehe 9 na faida ya takriban asilimia 2. Upande wa pili kuna mwaka 2022. Faharisi ilianguka kama asilimia 25 kutoka Januari hadi Oktoba, lakini VIX haikufunga hata mara moja juu ya 40, na kwa muda mrefu ilikaa chini ya 30. Lilikuwa anguko la polepole, na anguko la namna hiyo wastani unaliona vizuri kuliko VIX.

Kwa hiyo nilizigawia kazi. Wastani ndiyo swichi. VIX ikifunga juu ya 30 nanunua nusu ya kiasi cha kawaida, basi. Agosti ile nilinunua nusu.

Gharama ya mpango huu ni kuchelewa kurudi. Mwaka 2020 faharisi iligusa chini Machi 23 kwa 2,237.40, lakini ilirudi juu ya wastani Mei 27, kwa 3,036.13, na kwa kanuni ya siku 5 swichi iliwaka baada ya soko kufungwa Juni 2. Pointi zaidi ya 800 zilipita bila mimi, na sitafuti namna ya kuzipata. Ukifupisha wastani hadi siku 50 ili urudi mapema, unaanza kuzimwa na kila kikohozi cha soko.

Namba 200 yenyewe siiabudu. Nilijaribu kila wastani kuanzia siku 150 hadi 250, nikitazama kama matokeo yanabaki ya sura moja. Kama 200 ingefanya vizuri na 190 ikaharibu, ningekiacha kichujio chote, maana maanguko makubwa ndani ya miaka 20 ni machache, na kwa matukio machache hivyo ni rahisi kupata namba inayoyalenga yale yale tu. Sasa naandika pembeni kila ununuzi uliozuiwa, na bei ambayo ungeingia na kutoka. Wastani wa faida ya hizo zilizozuiwa ukiwa sawa na wa zilizoruhusiwa, kichujio hakinipi chochote zaidi ya kuninyima biashara, nami nitakiondoa.