Dereva aliyekuwa akitoweka

Mfumo wa kukodi tuktuk pale Likoni ulinitesa siku mbili: nikifuta safari, dereva mgeni mwenye safari hiyo moja naye anatoweka. Kumbe niliusoma vibaya mchoro wa UML, ule unaoonyesha klasi za programu na uhusiano wao.

Kati ya `Safari` na `Dereva` kulikuwa na mstari mtupu, yaani wanajuana tu, kila mmoja na uhai wake. Almasi nyeusi ilikuwa kwenye mstari mwingine, imegusa `Safari`, upande wa pili `Hatua`: safari ikifutwa, hatua zake zinakwenda nayo. Nami kwenye msimbo nikaweka kote kuwili kipengele hiki cha JPA, kinachopitisha kila kitendo, hata kufuta, hadi kwa kilichounganishwa:

```java
cascade = CascadeType.ALL
```

Nikakitoa kwa dereva, nikakiacha kwa hatua. Dereva akabaki.

Pembetatu tupu ya urithi haikunisumbua. Ncha yake humwelekea mzazi, `Tuktuk` kwenda `Gari`.