Mninga au chuma: nilivyochagua mlango wa mbele Isevya

Mlango wa jirani yangu haukuvunjwa. Uling'olewa pamoja na fremu yake. Ulikuwa wa chuma, mpya, umepakwa rangi nyeusi ukang'aa, lakini fundi alikuwa ameushikisha ukutani kwa vipande vinne vya nondo vifupi kama kidole. Mtaimbo mmoja tu, matofali yakaachia.

Mimi wakati huo nilikuwa na laki nne na nusu ya mlango wa mbele, futi 3 kwa 7, na nilishaelekeza moyo kwenye chuma. Welda alinitajia laki nne na ishirini pamoja na fremu, bati la geji 16. Nilipobonyeza kwa dole gumba, likaingia ndani kama debe. Nikaazima kalipa kwa fundi magari wa jirani: milimita 1. Geji 16 inatakiwa iwe karibu milimita 1.5. Welda akacheka, akasema la milimita moja na nusu lipo, ila bei itapanda hadi laki tano na themanini.

Nikaenda kwa seremala. Mlango wa mninga laki tatu, fremu laki na ishirini. Hapa Tabora mninga bado unapatikana, na kiini chake mchwa hawakipendi. Shida ni ule ukingo mweupe wa nje ya kiini. Kwenye mlango mmoja alionionyesha, ukingo huo ulikuwa na vitundu vidogo, na chini sakafuni unga laini kama wa muhogo. Kazi ya bungua. Nikamwambia, "Fundi, weupe sitaki hata kidole kimoja." Akanung'unika, lakini akachagua mbao upya.

Tulikubaliana pia paneli ziwe nene, maana mlango wa paneli mwizi haupigi teke kwenye mbao za pembeni, anapiga katikati palipochongwa pembamba.

Pesa nyingine niliipeleka ukutani. Fremu ilifungwa masikio sita ya chuma, matatu kila upande, yakaingia sentimita 20 ndani ya tofali, tukajaza zege. Bawaba tatu, ziko ndani kwa sababu mlango unafungukia ndani. Bamba linalopokea ulimi wa kitasa lilikuja na skrubu fupi za kuchekesha. Nikaweka za inchi 3, zipite mbao zishike ukuta kwa plagi.

Jumla ikafika laki tano na arobaini. Bado chini ya chuma kizuri, ila bajeti ilishapasuka.

Desemba mvua ziliposhika, mlango ukagoma kufunga. Seremala alipouteremsha tukaona kosa: vanishi ilipakwa mbele na nyuma, ncha za juu na chini zikaachwa kavu, zikanywa maji. Alipiga randa kidogo, tukapaka mikono mitatu kwenye ncha zote.

Mlango wa jikoni bado ni mbao nyepesi na komeo la elfu tano. Mama watoto ameshaniuliza mara mbili.