Siku moja maishani mwangu: barafu, kipimajoto na nyuzi 95 za Arusha

Saa 12:30 asubuhi. Natoka Kijenge na chupa mbili za chai zisizo na chai. Zimejaa barafu niliyoipondaponda usiku ndani ya taulo. Kwenye daladala dada mmoja ananiuliza kama nauza juisi. Namwambia nafundisha fizikia, naye anageukia dirishani.

Saa 1:15. Mzee wetu wa maabara ameshapanga taa za spiriti na bika. Kazi yetu ya kwanza ni kuvikagua vipimajoto. Tunavizamisha vyote kwenye barafu inayoyeyuka, tunakoroga, tunasubiri. Kinachosoma 0 kinapita. Kimoja kinasoma 2 na hakitaki kushuka, mzee anakifunga uzi mwekundu na kukiweka kando. Ukaguzi huu unachukua dakika chache tu, lakini bila huo leo ningekosa la kuwajibu wanafunzi mchana.

Saa 3:20. Kidato cha Pili, vipindi viwili mfululizo. Kabla ya kuwasha moto nawataka wachore chembe za maji katika hali tatu, kila mchoro na chembe kumi na mbili. Idadi isibadilike wala ukubwa usibadilike. Naisisitiza hiyo kwa sababu kila mwaka kuna anayechora chembe za mvuke zikiwa kubwa kama maputo. Chembe ya maji haivimbi kwa joto wala haiyeyuki. Kinachobadilika ni mpangilio wake, mwendo wake na umbali kati yake na jirani zake.

Kosa jingine ni kuchora kimiminika kana kwamba kiko katikati kabisa ya yabisi na gesi, chembe zimeachana nusu ya njia. Sivyo. Katika kimiminika chembe bado zinagusana, ila zimevunja mistari na zinapishana. Umbali mkubwa unakuja kwenye gesi tu: maji yakigeuka mvuke, ujazo wake unaongezeka zaidi ya mara 1,600, maana yake kila chembe inakaa mbali na mwenzake karibu mara kumi na mbili ya mwanzo. Karatasi ya daftari haitoshi kuchora hilo kwa kipimo halisi, kwa hiyo nakubali chembe mbili tatu ndani ya boksi na nyingine zimetoka nje ya ukurasa.

Saa 4:00. Moto. Kila kundi lina gramu 100 za barafu, linasoma jotoridi kila nusu dakika na kulichora kwenye grafu dhidi ya muda. Kipande cha kwanza cha grafu, kile cha barafu kupanda kutoka chini ya 0, hatukipati. Barafu iliyokaa saa tatu kwenye chupa ya chai imeshaanza kulowa, nayo iko 0 tayari. Mstari wetu unaanza ukiwa umelala.

Na unaendelea kulala. Dakika ya pili 0, ya tatu 0, ya nne 0. Kundi la dirishani linapata 5 na kushangilia, lakini vipande vya barafu bado vinaelea juu. Hiyo ndiyo dalili: ukiona barafu ipo na kipimajoto kinasoma zaidi ya 0, basi hawakukoroga na balbu inagusa maji ya moto chini ya bika. Wanakoroga, inarudi karibu na 0.

Dakika ya sita barafu inaisha na mstari unaanza kupanda. Kijana mmoja anauliza joto la dakika zote zile lilikwenda wapi. Swali zuri, na jibu liko kwenye michoro yao ya asubuhi. Jotoridi hupima mwendo wa chembe. Wakati wa kuyeyuka nishati inayoingia haiongezi mwendo huo, inatumika kuzing'oa chembe kutoka kwenye mpangilio wake. Na si nishati kidogo: gramu 100 za barafu zinahitaji kilojuli 33 hivi kuyeyuka. Kiasi hichohicho kingeyapandisha maji hayo kutoka 0 hadi karibu nyuzi 80.

Saa 4:10. Vipovu vya mwanzo vinatokea kwenye kuta za bika maji yakiwa bado vuguvugu. Hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji, bado si kuchemka. Baadaye yanakuja mapovu makubwa kutoka chini, na hapo mstari unalala mara ya pili. Nawauliza ndani ya povu kuna nini. Wengine wanasema hewa, wengine haidrojeni na oksijeni. Ni chembe zilezile za maji, nzima, zimeachana tu.

Kisha fujo. Makundi yote yanasoma 95 au jirani yake, isipokuwa moja ambalo limeandika 100 safi, dakika tatu mfululizo.

"Madamu, kitabu kinasema 100. Kipimajoto ni kibovu."

"Asubuhi kilisoma ngapi kwenye barafu?"

"Sifuri."

Basi si kibovu. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na 100 ya kitabu ni ya shinikizo la hewa la pwani. Kwetu hewa iliyotulalia ni pungufu kwa karibu asilimia 15. Povu la mvuke lazima liisukume hewa hiyo ndipo lipate nafasi ya kukua. Msukumo ukiwa mdogo, povu linakua mapema zaidi, kwenye nyuzi 95 hivi. Hapa mtoto aliyeandika 100 anaanza kufuta kwa kifutio. Namwambia asifute, apige mstari mmoja na asome upya.

Ila binti wa kundi la mbele hajaridhika. "Mbona barafu haijali mwinuko? Imeyeyuka kwenye 0 ileile."

Namwambia aweke michoro yake mitatu pamoja. Kutoka kimiminika kwenda gesi ujazo unaongezeka mara elfu na zaidi, kwa hiyo hewa ya nje ina kauli kubwa. Kutoka barafu kwenda maji ujazo haupanuki kabisa, unapungua kidogo, ndiyo maana barafu inaelea. Hakuna cha kusukuma. Tofauti ya shinikizo kati ya Dar es Salaam na hapa haisogezi kiwango cha kuyeyuka hata kwa sehemu ya mia ya nyuzi moja.

Saa 4:35. Tunazima taa maji yakiwa mengi bado. Kwa moto uleule ulioyeyusha barafu kwa dakika sita, kuyageuza yote kuwa mvuke kungechukua dakika 40, kwani gramu 100 zinataka kilojuli 227. Kuzing'oa chembe kabisa kutoka kwa wenzake ni gharama karibu mara saba ya kuvuruga mpangilio. Grafu ya vitabu vingi inachora sehemu mbili bapa kwa urefu sawa, jambo linaloniudhi.

Saa 7 hadi 9 mchana. Wali maharage, kikao cha idara, vipindi vya Kidato cha Kwanza.

Saa 10:30 jioni. Nasahihisha. Zoezi lilikuwa: chora grafu ya barafu ileile ikipashwa moto kwenye kambi ya Barafu, Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600. Mwanafunzi mmoja ambaye mjomba wake ni mpagazi ameandika pembeni kwamba kule juu maharage hayaivi. Mstari wake wa kwanza umelala kwenye 0 kama wetu, wa pili ameuweka kwenye 85, na kipande cha kupanda kati yake ni kifupi kuliko cha Arusha. Vyote vitatu ni sahihi. Sehemu bapa ya juu ameichora fupi kama ya chini. Nampunguzia alama moja na kuandika: *dakika 40*.