Mwaka wako weka kwenye hela: nilivyosajili watu wa riyunioni yetu ya shule Moshi

Niliambiwa na mwenyekiti wa kamati, kaka mmoja anajiona anajua mambo, "we weka list kwenye grupu la wasap, kila mtu akopi aongeze jina lake." Nikawaachia wafanye. Basi huyu anakopi list yenye majina kumi, mwenzake hapohapo anakopi ileile, kila mmoja anabandika ya kwake, zimekuwa list mbili na kila moja ina mtu ambaye nyingine haina. Kufika jioni kuna list nne, dada aliyelipa wa kwanza kapotea kwenye zote na ananitukana inboksi. Na namba za list ya zamani nusu hazipatikani, zile laini zilizofungwa 2020 kwa kukosa alama za vidole.

Nikasema hapana, sasa hela yenyewe itaongea. Viwango vilikuwa vitatu: waliomaliza kabla ya 2000 elfu 70, wa 2000 mpaka 2012 elfu 50, wadogo zetu elfu 30. Nikatangaza kila mtu aongeze tarakimu mbili za mwisho za mwaka aliotoka shuleni, iwe kidato cha nne au cha sita, mwaka wa kutoka basi. Wa 1998 analipa 70,098, wa 2007 analipa 50,007. Maana jina linalokuja kwenye muamala mara nyingi ni la mume au la mdogo wake aliyesajili laini, we utajuaje ni nani? Kuna mama alituma 210,294, kamati wakaanza kukuna vichwa, nikawaambia gawanyeni kwa tatu: kalipia wenzake wawili wa 98. Nilitembea kifua mbele wiki nzima jamani.

Ila mwaka 2000 ukajaa ghafla mpaka nikashtuka. Kumbe wavivu wanatuma 50,000 kavu, na wa 2000 naye sifuri sifuri! Hao wa 2000 nikawahamishia 50,100, ikabaki ukiona 50,000 tupu unajua huyo hajasoma tangazo, unampigia. Halafu kuna wale waungwana wa "nimekuwekea na ya kutolea", anatuma 52,000 mwaka umeshapotea. Chukueni lipa namba mapema, hiyo ya kutolea haitakuwepo.

Mawasiliano mapya sikumwomba mtu kabla ya kulipa, hawajibu. Ukishalipa nakuandikia: nitumie jina ulilotumia shuleni, namba unayotumia sasa, mji unaokaa, na namba ya mwenzako mmoja wa mwaka wako asiye kwenye grupu, ndo nikupe namba ya kuingilia. Hiyo ya mwenzako ndo ilileta watu, wa miaka ya themanini hasa, wamejazana Dar na wasap hawana. Tarehe tuliweka 28 Desemba, Wachaga wote wako nyumbani, nauli sio kisingizio.

Mwenyekiti mwenyewe alilipa 70,000 kavu. Nilimpigia kama wengine.