Jinsi nilivyoondoa msongamano wa kupakia fomu

Katika chumba chetu cha mafunzo Sinza, tableti 30 za Waifai 6 zilipotuma fomu kwa pamoja, nyingi zilikwama, ingawa kupakua hakukuwa na shida. Nilipokamata fremu, yaani vipande vya data vinavyopita hewani, na kuzichuja katika Wireshark kwa kichujio `wlan.fc.type_subtype == 0x12`, sikuona fremu hata moja ya kuamsha utumaji. Maana yake, kila tableti ilikuwa bado inangoja kwa kubahatisha na kugombea hewa, kama katika Waifai 5. Niliwasha `UL OFDMA` kwenye kituo cha Waifai, na sasa kituo hicho huuliza nani ana data, kisha huwagawia hadi watumaji tisa chaneli moja ya MHz 20 kwa wakati uleule. MIMO ya watumiaji wengi, inayotumia antena nyingi kuhudumia vifaa kadhaa kwa pamoja, niliiacha, kwani fomu ndogo hazinufaiki nayo sana. Simu za zamani, ambazo haziitikii mwito huo, nilizihamishia chaneli nyingine.